Saa mbili ya mama na saa mbili ya kitabu

(Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, Kampala)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibana huko nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, hamjambo.

Nitaanza na bwana mmoja ambaye alichelewa darasa langu kwa saa sita nzima.

Nilikuwa nafundisha watu wazima siku za Jumamosi. Wiki ya pili nikawaambia, "Jumamosi ijayo tunaanza saa mbili kamili, tafadhali msichelewe." Jumamosi ikafika. Tukasoma, tukamaliza, wenzake wakaenda zao. Saa nane mchana mimi niko mlangoni nafunga kufuli, namwona bwana yule anakuja mbio, jasho linamtiririka, daftari kwapani. Akatazama saa yake ya mkononi, akatabasamu. "Mwalimu, nimewahi!"

Sikucheka. Nilimuuliza alizaliwa wapi. Mukono. Nyumbani wanasema nini? Kiganda tu. Basi nikamuuliza: "Ulipokuwa mtoto, mama akikuambia ssaawa bbiri, ulikuwa unajua ni wakati gani?" Akajibu papo hapo kwamba ni wakati ambao mtoto asiyekuwa shuleni anachapwa. Nikamwambia, basi saa mbili ya Kiswahili ni hiyo hiyo. Waganda na Waswahili wote huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja ni ssaawa emu, saa mbili ni ssaawa bbiri. Hakuna cha kujifunza hapo, ulizaliwa nacho. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Lakini mwalimu, hicho ni Kiganda."

Maana yake ni kwamba kwake Kiganda ni cha nyumbani na Kiswahili ni cha darasani, na vitu vya darasani huelezwa kwa Kiingereza. Kichwani mwake neno "mbili" lilipitia kwanza kwenye tarakimu ya Kiingereza, likatoka likiwa saa nane mchana. Alikuwa na lugha mbili kabla ya kuja kwangu. Moja ilikuwa na jibu sahihi, nyingine haikuwa nalo, naye akaiuliza ile isiyokuwa nalo.

Leo nataka tuzungumze juu ya hilo tu. Mtu mwenye lugha mbili anapojifunza ya tatu hubeba mizigo kutoka lugha zote mbili. Hilo mnalijua. Tunalolisahau ni kwamba mara nyingi mzigo hutoka kwenye lugha ambayo hatukuitegemea, na mwalimu asiyejua umetoka wapi husahihisha kosa leo na kulikuta tena kesho.

Wataalamu wameliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 1998 Sarah Williams na Björn Hammarberg walichapisha utafiti ambao mwanafunzi wake alikuwa Williams mwenyewe. Lugha yake ya kwanza ni Kiingereza. Kijerumani alikuwa amekijua vizuri sana ukubwani, kisha akahamia Uswidi akaanza kujifunza Kiswidi. Wakarekodi mazungumzo yake kuanzia siku za mwanzo. Mtu angedhani kwamba alipokwama angekimbilia Kiingereza, lugha ya mama yake. Kweli alikitumia, lakini zaidi pale alipotaka kuuliza jambo au kutoa maelezo pembeni. Yale maneno yaliyomponyoka bila kukusudia katikati ya sentensi ya Kiswidi, na hata maneno aliyojiundia mwenyewe yakifanana na Kiswidi, mengi yalikuwa na sura ya Kijerumani. Ni kama kichwa kina droo moja ya lugha ya mama na nyingine imeandikwa "lugha za kigeni", na unapotafuta neno geni mkono huenda wenyewe kwenye droo ya pili.

Kijerumani kiko karibu na Kiswidi, kwa hiyo huenda na ujirani ulichangia. Wataalamu mpaka leo wanabishana ni kipi chenye nguvu zaidi, ugeni wa lugha ya pili au ujirani wa lugha zenyewe. Ninavyoona mimi, hapa kwetu zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, ila kila moja inaleta makosa ya aina yake. Nitawaonyesha.

Nina karatasi hapa. Iliandikwa na muuguzi mmoja, mzaliwa wa upande wa Masaka, Kiganda lugha yake ya kwanza na Kiingereza cha shule kizuri kabisa. Alikuwa na miezi minne ya Kiswahili. Amenipa ruhusa niisome mradi nisimtaje jina. Nasoma kama ilivyo:

"Jana nilichukua picha ya mbwa yangu. Inapenda kula. Nilifanya simu kwa lafiki yangu kwa sababu anapenda mbwa sana. Kira siku ninaona yeye saa nane asubuhi."

Naona walimu mnatabasamu, kila mmoja anazo karatasi kama hizi mezani kwake. Kwa kawaida tunashika kalamu nyekundu, tunaweka alama nane, tunarudisha. Mimi nilimwita tukakaa naye. Nikamwambia aniambie hadithi ile ile kwa Kiganda, sentensi moja moja, nami niandike pembeni.

Sentensi ya kwanza akasema: "Jjo nnakubye embwa yange ekifaananyi." Nikamwambia arudie polepole. Nnakubye. Okukuba ni kupiga. Waganda wanapiga picha! Wanapiga na simu, okukuba essimu. Wanapiga kura, okukuba akalulu. Wanapiga mayowe, okukuba enduulu. Kitenzi kile kile cha kupiga kimebeba mambo yale yale ambayo Kiswahili kimeyabebesha "piga". Huyu dada amesema okukuba ekifaananyi tangu akiwa mtoto, lakini alipokaa kuandika Kiswahili akaandika "nilichukua picha". Wanaochukua picha ni Waingereza.

Tazama na umbo la sentensi. Katika Kiganda mbwa ndiye anayepigwa, na picha inafuata nyuma. Kiswahili nacho kinakubali hivyo hivyo: nilimpiga picha mbwa wangu. Hakuna haja ya "picha ya".

Tukaenda kwenye simu. Akasema: "Nnakubidde mukwano gwange essimu." Hapo nilisimama kwenye kiti, si utani. Kwa sababu hapo ndipo mahali ambapo vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutumia kurasa nyingi na mwanafunzi bado hutoka gizani: kauli ya kutendea. Kumpikia mtu, kumsomea, kumletea, kumpigia. Kiingereza hakina kitu hicho ndani ya kitenzi, kinatumia neno dogo la pembeni, ndiyo maana wanafunzi wetu wanatuandikia "nilipika chakula kwa mama" na "nilifanya simu kwa rafiki". Mwingereza inabidi afundishwe kuanzia sifuri. Mganda je?

Andikeni hapa, hii ni ya kuandika. Kiganda: okukuba, okukubira. Okulima, okulimira. Okusoma, okusomera. Okuleeta, okuleetera. Kiswahili: kupiga, kupigia. Kulima, kulimia. Kusoma, kusomea. Kuleta, kuletea. Mnaona? Kiganda kinaweka -ir- au -er- kabla ya a ya mwisho, Kiswahili kinaweka i au e. Na uchaguzi kati ya i na e unafuata kanuni ile ile kwenye lugha zote mbili: mzizi ukiwa na e au o unapata e, ukiwa na a, i au u unapata i. Soma ina o, kwa hiyo somera na somea. Lima ina i, kwa hiyo limira na limia. Mganda ambaye hajawahi kukaa darasa la sarufi hata siku moja hakosei jambo hilo, maana limo mdomoni mwake. Kinachobaki ni kumwambia kwamba ile r ya Kiganda haionekani kwenye Kiswahili.

Kuna vitenzi vitakavyomsumbua, sitadanganya. Kiswahili huchomeka l kwenye vitenzi vinavyoishia na irabu mbili, kama nunua kuwa nunulia na ondoa kuwa ondolea, na hapo Kiganda hakimsaidii moja kwa moja. Lakini hiyo ni kazi ya somo moja baada ya mlango kufunguka.

Sentensi ya mwisho. "Buli lunaku mmulaba ssaawa bbiri ez'oku makya." Saa mmeshaijua. Sikilizeni "mmulaba". Yule anayeonwa amekaa ndani ya kitenzi, kabla ya mzizi: m, mu, laba. Kiswahili: ni, na, mw, ona. Lakini kwenye karatasi ameandika "ninaona yeye", kitenzi kwanza, mtu nyuma, kama Kiingereza.

Ngojeni kidogo hapo, kwa sababu "ninaona yeye" ina mtuhumiwa wa tatu. Wengi wetu hapa Uganda Kiswahili cha kwanza tulichokisikia hakikuwa cha darasani. Kilikuwa cha kambini, cha kizuizi cha barabarani, cha askari anayetaka kitambulisho. Kiswahili hicho kina desturi zake, na kupunguza viambishi ni mojawapo. Kwa hiyo nilimuuliza muuguzi kama aliwahi kuishi karibu na kambi. Hapana. Basi nikakiandikia Kiingereza kosa hilo. Angekuwa mtoto wa kota za polisi nisingeharakisha kuhukumu, na dawa ingekuwa nyingine: mtu huyo anahitaji kusikia Kiswahili kingine kwa wingi zaidi kuliko kuelezwa kanuni.

Mpaka hapo mtadhani nimekuja kusema Kiganda ni dawa ya kila kitu. Turudi kwenye karatasi, yamebaki makosa manne, na haya Kiingereza hakihusiki hata kidogo.

"Mbwa yangu. Inapenda kula." Nilipomwambia aseme kwa Kiganda akasema "embwa yange", "eyagala okulya". Kiganda kinampa mbwa upatanisho wa ngeli yake ya jina, sawa na nyumba. Kiswahili kinafanya jambo jingine: chochote chenye uhai kinachotembea, jina lake liwe na umbo lolote, kinavutwa kwenye upatanisho wa watu. Mbwa wangu anapenda. Kifaru anakimbia, hatusemi kinakimbia, japo neno lina ki. Hapo Mganda amesimama mahali pabaya, kwa sababu ngeli zake zinafanana na zetu kiasi kwamba haoni sababu ya kuzitilia shaka. Ekitabo na ebitabo, kitabu na vitabu. Omuntu na abantu, mtu na watu. Ameshazoea kufaulu, anapita na mbwa kwa mwendo ule ule.

Angalieni, kwenye karatasi ile "yangu" ya rafiki iko sawa. Sikuigusa. Rafiki, baba, dada, watu wa karibu wa aina hiyo, Kiswahili chenyewe kinawaruhusu "yangu". Mwanafunzi atakuuliza kwa nini rafiki yangu lakini mbwa wangu, na haki yake kuuliza. Mwambie lugha imekaa hivyo, kisha endelea.

Halafu "lafiki" na "kira". Makosa haya mawili yanaonekana kama mtu asiyejua r na l, anazitupa ovyo. Sivyo. Anazipanga kwa kanuni kali ambayo aliandikia tangu darasa la kwanza. Katika Kiganda r hukaa baada ya e na i, kwingine kote ni l. Rafiki inaanza na r ambayo haina e wala i kabla yake, basi inageuka lafiki. Kila ina l baada ya i, basi inakuwa kira. Kwa kanuni hiyo unaweza kutabiri kosa kabla mwanafunzi hajafungua mdomo: habari itakuwa habali, sukari itakuwa sukali, na pilipili itakuwa piripiri. Mpeni Mganda mpya maneno hayo ayasome muone.

Kwa kawaida hakuna anayeumia, habali gani tunaielewa wote. Lakini kuna maneno ambayo herufi hiyo inabeba maana. Kijana akitangaza kwamba ukoo wake unapeleka "mahali" kwa wakwe, tunangoja atuambie mahali gani, kumbe ni mahari. Mtu akisema amealikwa kwenye kalamu Jumapili, ni karamu. Na mwaka wa uchaguzi tutasikia watu wanakwenda kupiga kula.

Hapa sasa ndipo Kiingereza kinapofaa. Mwanafunzi huyu huyu kwenye Kiingereza ameshatofautisha, kwa jicho angalau, neno la mchele na neno la chawa, ambayo yanatenganishwa na herufi hiyo moja. Alifundishwa kwamba tahajia ya neno haitegemei irabu iliyotangulia, lazima uijue kwa kila neno peke yake. Tabia hiyo ndiyo anayoihitaji kwenye Kiswahili. Namwambia: kwenye r na l, sahau nyumbani, soma neno kama unavyosoma Kiingereza, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo huwezi kumwambia mtu "tumia lugha ya mama" ukaishia hapo, wala "achana na Kiingereza". Kwa Mganda, mpangilio wa kitenzi, viambishi vya mtendwa, kauli ya kutendea, hesabu ya saa, misemo ya kupiga, viulize Kiganda kwanza. Tahajia ya r na l, uliza jicho lililofunzwa na Kiingereza. Upatanisho wa wanyama, usimuulize yeyote kati ya hao wawili.

Na maneno? Maneno ndiyo yanayonitisha kuliko yote, kwa sababu kosa la neno halionekani. Sentensi inakuwa safi, sarufi safi, maana imekwenda kijiji kingine. Msichana mmoja alinisimulia kwamba baba yake ana gari, anabebea ndizi kila asubuhi, na akifika kwenye mlima hushuka akalisukuma mpaka juu. Nilimhurumia yule mzee kwa dakika mbili nzima, nikiwaza gari bovu namna hiyo, mpaka nikakumbuka kwamba eggaali kwa Kiganda ni baiskeli. Gari la Kiswahili wao huliita emmotoka. Msichana hakuwa na sababu ya kushuku, na mimi nilikuwa karibu kutoshuku.

Lingine ni la mezani. Kiganda cha kufunga, kama Ramadhani, ni okusiiba. Kiswahili cha kutosheka na chakula ni kushiba. Mganda asiyezoea sh husema "nimesiba". Umemkaribisha mgeni, anasukuma sahani, anakuambia nimesiba. Amekula akatosheka, au yuko kwenye funga na wewe umemwekea chakula mchana kweupe? Kama ni mgeni wako Mwislamu, hutaki kukosea hapo.

Sasa namna ya kufanya. Sitawapa mambo mengi, mimi mwenyewe natumia moja tu na linanitosha. Mwanafunzi anaandika sentensi tano kwa siku, si zaidi, juu ya jambo lililomtokea kweli. Anapomaliza anafunga daftari, anazisema zile tano kwa Kiganda kwa sauti, kama anamsimulia mama yake. Anafungua daftari na kuangalia: je, kitenzi kimejengwa namna moja au nimekijenga kwa namna ya Kiingereza? Pale panapotofautiana na Kiganda anapiga mstari wa buluu. Hapo inawezekana Kiingereza kimeingia. Kisha anapita mara ya pili akitafuta mambo matatu ya hatari ya nyumbani, yaani wanyama, r na l, na kila nomino iliyofanana mno na ya Kiganda, anapiga mstari mwekundu na kufungua kamusi. Kazi yote ni kama robo saa.

Lazima aseme kwa sauti. Akitafsiri kimoyomoyo atapata Kiganda kilichonyoshwa kwa pasi ya shule, kimejaa miundo ya Kiingereza, hakitamsaidia. Mwambieni amsimulie mama.

Kwetu walimu kuna jambo moja gumu zaidi. Tunaeleza Kiswahili kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya shule na ndiyo lugha ya vitabu tulivyo navyo. Kila tunapofanya hivyo tunafungua ile droo ya lugha za kigeni na kuiacha wazi. Yule bwana wa saa nane alifundishwa nambari kwa Kiingereza, na aliyemfundisha ni mimi. Siku hizi somo la saa na somo la kutendea nayafundisha kwa Kiganda dakika kumi za kwanza, darasa likiwa la Waganda, na Kiingereza kinakaa nje na viatu.

Nilisema darasa likiwa la Waganda. Kuna walimu hapa kutoka Gulu na Kitgum, naona mmekunja mikono mkingoja nifike kwenu. Mna haki. Kiacholi si lugha ya Kibantu, hakina ngeli kama hizi, na mtu akimwambia Mwacholi "ngeli unazo nyumbani" amemdanganya. Lakini kina kitu: mtenda amekaa mbele ya kitenzi. Amito, nataka. Imito, unataka. Kwa hiyo wazo la kuweka mtu mwanzoni mwa kitenzi analo tayari, kazi imebaki kwenye sauti zenyewe. Na hapo kuna shimo, kwa sababu a ya Kiacholi ni mimi, na a ya Kiswahili ni yeye. Mwanafunzi wenu akiniambia "anataka maji" huku anajishika koo, najua ni nani mwenye kiu.

Naomba niseme na la kwangu, nisionekane nasimama juu ya watu. Mimi Kiswahili ni cha nyumbani, Kiingereza cha shule, na uzeeni nimeanza Kifaransa kwa sababu ya biashara ya ndugu yangu na watu wa ng'ambo ya Mpondwe. Mwalimu wangu ni kijana wa Bukavu. Siku moja nilitaka kusema ninamwona, nikasema *je vois le*. Kijana akaniangalia kwa heshima kubwa, akasema, "Mzee, si ndiyo nyinyi mnaosema ni-na-mw-ona? Huyo mw mpeleke mbele." *Je le vois*. Nilikuwa nimekuwa nikihubiri jambo hili kwa miaka, na siku yangu ilipofika nilikimbilia Kiingereza kama wenzangu wote, nikamtupa mtendwa nyuma ya kitenzi wakati Kiswahili changu kimemweka mbele maisha yangu yote.

Wiki iliyofuata nikajifanya mjuzi, nikaamrisha: *le regarde*, mtazame. Kijana akatikisa kichwa. Kwenye amri Kifaransa kinamrudisha nyuma, *regarde-le*, wakati Kiswahili hakimwondoi mahali pake, m-tazame. Lugha ya nyumbani ilinisaidia mpaka mlangoni, ndani ikabidi nitembee mwenyewe.

Yule muuguzi niliongea naye tena mwezi uliopita. Ameniletea karatasi nyingine. Amempigia rafiki yake simu, amempiga picha mbwa wake, mbwa anapenda kula, anamwona rafiki kila siku saa mbili asubuhi. Kila kitu kiko sawa kwenye karatasi. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma vizuri mpaka alipofika kwa rafiki, akasema lafiki, akasimama, akajisikia mwenyewe, akaangua kicheko. Mkono umejua kabla ya ulimi. Tumekubaliana aendelee kusoma kwa sauti mpaka viafikiane.

Naona chai imeingia, na saa yangu inasema ni saa nne na nusu. Walioandika hapo saa kumi na nusu, tukutane pembeni.